Bosi wa zamani, kimya cha miaka mitano: namwandikiaje kuuliza kama kuna nafasi?

Shikamoo Shangazi,

Nilifanya kazi ya ugavi chini ya meneja mmoja kwa miaka mitatu. Tuliachana vizuri: nilitoa notisi, nikakabidhi kazi, na mwenyewe akanitakia heri. Imepita miaka mitano na hatujawasiliana tena. Yeye amehamia kampuni nyingine na sasa ndiye mkuu wa idara ya ugavi huko. Mimi mkataba wangu unaisha baada ya miezi minne na sijui kama utaongezwa. Natamani kumuuliza kama huko aliko kuna nafasi, lakini naona aibu. Ataona nimemkumbuka kwa sababu ya shida. Rafiki yangu ananishauri nianze kwa salamu tu, nimzoee tena wiki chache, ndipo nilete ombi. Nifanyeje, Shangazi, na niandike nini hasa?

Mwenye Aibu

*

Marahaba mwanangu.

Ushauri wa rafiki yako una nia njema, lakini usiufuate. Mtu aliyewahi kuongoza watu akipokea “habari za siku nyingi bosi” kutoka kwa mfanyakazi wake wa zamani, baada ya kimya cha miaka, anajua kuna neno linakuja. Anajibu salamu, anangoja. Wiki ya pili unamuuliza hali ya familia, anajibu, anaendelea kungoja. Siku ombi linapofika, salamu zote zilizotangulia zinageuka kuwa chambo machoni pake, na hapo ndipo ile aibu unayoiogopa inapata sababu. Weka ombi lako katika ujumbe wa kwanza, waziwazi na kwa adabu. Mtu anayesema shida yake mapema anamheshimu anayemwendea kuliko anayemzungusha.

Na hilo la kumkumbuka wakati wa uhitaji, usilibebe kama kosa. Watu wengi hupata kazi kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti aliofanya katika kitongoji cha Boston, Marekani, akiwauliza wafanyakazi waliobadilisha kazi ni nani aliyewapa habari za kazi mpya. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walikuwa wakionana naye kwa nadra au mara mojamoja, na miongoni mwa watu aliowataja walikuwemo wafanyakazi wenza na waajiri wa zamani. Waliohojiwa kuhusu jambo hilo walikuwa wachache, 54, kwa hiyo tusiufanye msahafu. Ila sababu aliyoitoa inaeleweka hata bila takwimu: watu unaoshinda nao kila siku wanasikia habari zilezile unazozisikia wewe. Bosi wako wa zamani anakaa kwenye vikao ambavyo wewe na rafiki zako hamvifikii.

Kwa hiyo mimi sina wasiwasi na wewe kumwandikia. Wasiwasi wangu uko kwenye swali lenyewe, “je, kuna nafasi?” Ndilo swali ambalo karibu kila mtu huuliza, na ndilo linalozaa jibu la “kwa sasa hakuna” hata pale ambapo nafasi ipo njiani.

Fikiria nafasi inavyozaliwa ndani ya idara. Mtu anamwambia mkuu wake kwamba ataondoka, au kampuni inaamua kufungua ghala jipya, au kazi imeongezeka na waliopo wameelemewa. Mkuu wa idara anaandika ombi la kuajiri. Ombi linapelekwa kwa watu wa fedha waseme kama bajeti inaruhusu, kisha kwa wakubwa waidhinishe, kisha kwa rasilimali watu waandae maelezo ya kazi na kutangaza. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita wiki kadhaa, na kwenye taasisi kubwa ni miezi. Katika kipindi hicho chote, mkuu wa idara akiulizwa “kuna nafasi?” jibu lake la kweli ni hapana, kwa sababu hakuna iliyotangazwa. Hawezi kukwambia kwamba fulani ametoa notisi jana. Si siri yake kuitoa.

Ndiyo maana uliza kuhusu uhitaji unaokuja badala ya nafasi iliyopo leo. Taja aina ya kazi unayoitafuta na kipindi unachokifikiria, na umwachie mlango wa kukuelekeza kwingine. Swali la namna hiyo linamruhusu aseme “niandikie tena mwezi ujao” bila kumtaja mtu wala kuvunja utaratibu wa ofisi yake.

Kabla hujaandika, hakikisha unamwandikia yeye kweli. Namba ya simu isiyotumika huweza kugawiwa mtu mwingine, na miaka mitano inatosha kabisa kwa hilo kutokea. Kama mna mfanyakazi mwenzenu wa zamani ambaye bado anawasiliana naye, muulize namba au barua pepe inayofanya kazi. Kama humpati, mwandikie kupitia LinkedIn ikiwa yuko huko na huonekana anaitumia. Na wewe usitumie barua pepe ya ofisi unayofanyia kazi sasa. Sanduku lile ni mali ya mwajiri wako, na kilichomo anaweza kukiona.

Ningekuwa wewe, ningeandika hivi:

“Shikamoo bosi. Ni (jina lako), nilikuwa kwenye timu yako ya ugavi miaka mitano iliyopita. Mimi ndiye niliyesimamia kuhesabu mali upya tulipohamisha ghala, ule mwezi tuliokuwa tunafunga hesabu usiku. Nimeona sasa unaongoza ugavi hapo ulipo. Hongera sana.

Tangu wakati ule nimeendelea na kazi hii hii, na kwa miaka miwili sasa nasimamia maagizo kutoka kwa wauzaji wa nje nikiwa na wasaidizi wawili. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi minne, kwa hiyo nimeanza kuangalia mbele. Naomba nikuulize: kwa miezi sita ijayo, unaona kutakuwa na uhitaji wa mtu wa manunuzi au wa kusimamia ghala, kwenye idara yako au mahali pengine unapopafahamu? Hata ukisema huoni, itanisaidia kujipanga.

Ninapofanya kazi bado hawajui kwamba natafuta, kwa hiyo naomba jambo hili libaki kwetu. Asante sana bosi.”

Hapo mambo ya ghala na wasaidizi nimeyabuni ili uone umbo lake. Wewe weka yako ya kweli. Lakini angalia kila sehemu inafanya kazi gani.

Kwanza nimetaja tukio. Meneja wa siku nyingi amepitisha mikononi mwake maafisa ugavi wengi, na kumwambia “nilikuwa afisa wako” kunamwacha akitafuta sura. Tukio linamrudishia sura yako mara moja, na pamoja na sura linamrudishia jinsi ulivyofanya kazi. Chagua tukio ambalo yeye pia anafurahi kulikumbuka. Kama mlishinda jambo gumu pamoja, hilo ndilo. Usimkumbushe ugomvi wa idara au mwaka mliokaguliwa mkaonekana na kasoro, hata kama wewe ulikuwa upande wa haki.

Pili, sentensi kuhusu miaka mitano uliyokuwa mbali naye. Watu wengi huiruka hii, na mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Akikutaja kwa watu wa rasilimali watu, analiweka jina lake dhamana. Anayemjua ni wewe wa zamani. Hajui kama umekua, umedumaa, au umehama fani kabisa. Mpe sentensi moja au mbili anazoweza kuzirudia kwa mtu mwingine bila kubuni: unafanya nini sasa, kwa ukubwa gani, umeongeza nini tangu mlipoachana. Kama huna cha kuandika hapo, kaa chini ukitafute kabla ya kutuma, maana bila hicho atakuwa anakutetea kwa kumbukumbu ya zamani tu.

Tatu, ombi la siri. Unaweza kudhani anaelewa mwenyewe, lakini fani moja ni watu walewale. Anaweza kukutana na mkuu wako wa sasa kwenye kikao cha wauzaji, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba kijana wake ni mzuri, ameona anatafuta kazi. Nawe ulikuwa bado unasubiri kuongezewa mkataba! Sentensi moja inalizuia hilo.

Sasa yale ambayo sikuyaweka, na nimeyaacha kwa makusudi. Sikuomba radhi kwa kimya. Ukitaka, “samahani kwa kimya kirefu” inatosha, maneno manne. Ukiandika aya nzima ya kujilaumu unampa yeye kazi ya kukufariji, na tena na yeye hakukutafuta miaka hiyo yote. Ndivyo watu wanavyoishi, wala hakuna aliyemkosea mwenzake.

Sikuweka shida za nyumbani. Hili nalisema kwa upole, kwa sababu najua huenda zipo na zinauma. Ukitaja ada, kodi au mgonjwa, swali lako linaacha kuwa la kazi, linakuwa la msaada. Yeye hana uwezo wa kuajiri kwa huruma, kwani atahojiwa na wenzake kwa nini amekuchagua. Akishindwa kukupa kazi atajiona amekunyima msaada, na njia rahisi ya kuikwepa hali hiyo ni kutojibu kabisa. Barua nyingi nzuri hufia hapo. Sema mkataba unaisha. Hiyo ni sababu tosha, na kila mtu kazini anaielewa.

Sikuandika “kazi yoyote ile”. Ukisema yoyote, unamwachia yeye kufikiri kwa niaba yako ni ipi, na hawezi kwenda kwa mwenzake wa idara nyingine akasema ana mtu wa kazi yoyote. Taja mbili zinazokaribiana, kama manunuzi na ghala. Kama uko tayari kushuka cheo kidogo au kuhama mji, hayo utayasema akiuliza.

Wala sikuambatanisha wasifu kazi. Wapo wanaoshauri uambatanishe kila mara ili kuokoa muda, na kama ungekuwa unajibu tangazo ningekubaliana nao. Lakini huyu hajatangaza chochote. Ukimtumia faili kabla hajaomba, anaweza kukujibu “nimeipata, nitaiweka” na mazungumzo yakaishia hapo. Akiiomba mwenyewe, tayari amepiga hatua moja kuelekea kwako. Iwe tayari tu, katika PDF, jina la faili likiwa jina lako na si “wasifu mpya wa mwisho”, ili akiomba asubuhi uitume asubuhi hiyohiyo.

Sasa tuzungumzie majibu.

Akisema “nitumie wasifu wako”, mtumie, na hapohapo muulize jambo moja: angependa aupeleke yeye, au wewe uombe kwa njia ya kawaida na kumtaja? Usikimbilie kwenye tovuti ya kampuni kujaza fomu kabla hajajibu. Kampuni nyingi zina utaratibu wa mfanyakazi kupendekeza mtu, na kwenye baadhi yake pendekezo linahesabika tu ikiwa jina lako limeingizwa na anayekupendekeza kabla wewe hujaomba. Ukimtangulia, mfumo unakuchukulia kama mwombaji mwingine yeyote, na yeye anabaki na pendekezo lisilo na mahali pa kuliweka. Nimeona watu wakijifungia mlango kwa haraka ya usiku mmoja.

Akisema “kwa sasa sioni”, usiishie kwenye “sawa, asante”. Mshukuru, kisha umuulize swali dogo zaidi: ni kampuni gani nyingine, au mtu gani, angekuwa wewe angemwendea? Au: je, naweza kukuandikia tena baada ya miezi miwili? Akikubali moja kati ya hayo mawili, hilo ni jibu zuri. Akikupa jina la mtu, omba ruhusa ya kumtaja unapomwandikia huyo mtu, na ufanye hivyo ndani ya siku chache, kwa sababu wanaweza kukutana akauliza kama ulimtafuta.

Akisema “tutaongea”, bila siku, usihesabu kama ahadi, wala usihesabu kama kukataliwa. Pendekeza mara moja: “Jumanne au Alhamisi jioni, dakika 15 kwa simu, ipi inakufaa?” Akichagua, mazungumzo yaanze kwake na si kwako. Muulize idara yake inahangaika na nini siku hizi, kisha umsikilize. Akikwambia, kwa mfano, mizigo inachelewa kutoka bandarini au hesabu za ghala hazilingani na za mfumo, hapo umejua anahitaji mtu wa namna gani kabla hajaandika ombi lolote la kuajiri. Ukiwa umewahi kulishughulikia tatizo kama hilo, mweleze ulifanyaje, kwa ufupi. Dakika hizo zina faida kuliko kurasa tatu za wasifu.

Asipojibu kabisa, ngoja kama wiki mbili. Usiangalie tiki za WhatsApp zimebadilika rangi saa ngapi, maana mkuu wa idara anasoma ujumbe akiwa kikaoni na kuusahau akitoka. Baada ya hapo tuma ukumbusho mmoja tu, mfupi kuliko wa kwanza: “Shikamoo bosi, najua una mengi. Nilikuwa naulizia tu kama kuna mtu wa ugavi unayeona nimwendee. Kama muda haupo, naelewa kabisa.” Kimya kikiendelea, acha. Usimpigie simu, usimtume mtu akamuulize. Unaweza kumwandikia tena siku kampuni yao itakapotangaza nafasi inayokufaa, na hapo utakuwa na jambo mahususi la kumwambia.

Kuna mipaka ambayo ni vizuri uijue mapema, usije ukavunjika moyo. Hata akikupenda, huenda asiwe na uamuzi. Kwenye taasisi nyingi anayemfahamu mwombaji anatakiwa kulitamka hilo, na wakati mwingine hujiondoa kwenye jopo la usaili. Ukiingia kwenye chumba cha usaili usimkute, usidhani amekutupa. Huenda amejiondoa ili ajira yako isije ikatiliwa shaka baadaye. Na usimwombe maswali ya usaili wala majina ya walioomba. Utakuwa umemweka kwenye hatari kubwa kuliko faida yoyote utakayoipata, na mtu mwangalifu atakuwa anakufikiria vingine kuanzia hapo.

Kumwomba awe mdhamini kwenye wasifu wako ni ombi la pili, tofauti na hili. Usiliingize kwenye ujumbe wa kwanza na usiandike jina lake kwanza ukamwambia baadaye. Subiri mpaka mmezungumza. Ukishapata ruhusa, mjulishe kila unapoomba kazi sehemu, ili asipigiwe simu na mgeni akaanza kubabaika ni mwaka gani ulikuwa naye.

Kuhusu muda: tuma wiki hii. Miezi minne inaonekana mingi, lakini kumbuka safari ile ya ombi, fedha, idhini na tangazo, kisha usaili, kisha notisi. Ukisubiri mwezi wa mwisho utakuwa unauliza nafasi ambayo lazima iwe imetangazwa tayari, na swali lako litakuwa limerudi kuwa lile la “kuna nafasi?”

Na ikitokea mkataba wako umeongezwa, au umepata kazi kwingine, mwandikie siku hiyohiyo. Huenda wakati huo ameshalitaja jina lako kwa mtu, na anahitaji kujua kabla hajaenda kukutetea kwenye kikao kwa nafasi ambayo huihitaji tena.

Shangazi